Hedhi Iliyokosa Njia: Maumivu ya Kila Mwezi Baada ya Kizazi Kuchomwa

Mazungumzo ya daktari wa kina mama, yaliyotolewa jioni moja Tononoka, Mombasa

Mama zangu, dada zangu, wauguzi wenzangu mlioketi kule nyuma, na nyinyi kina baba wachache mliojitoa kuja: assalaam aleikum, na habari za jioni.

Niliombwa nizungumze juu ya maradhi ya kizazi. Hayo ni mengi, tungekesha hapa. Kwa hivyo nimechagua moja tu, ambalo halizungumzwi sana kwa sababu wanaolipata si wengi, na hao wachache huzungushwa kliniki hadi kliniki kabla mtu hajawaambia wana nini. Ni maumivu ya tumbo la chini yanayokuja kila mwezi kwa mwanamke aliyechomwa kizazi miaka ya nyuma, ambaye haoni damu kabisa, au huona tone moja la rangi ya kahawia kisha basi.

Hapa Mombasa tuna kina mama waliofanyiwa operesheni hiyo katika hospitali za hapa, wengine Nairobi, wengine India, na wengine walikuwa na waume zao Uingereza au Ghuba wakafanyiwa huko. Aliyefanyiwa huko mbali mara nyingi hana hata karatasi. Anajua tu kwamba "walinichoma ndani, damu ikakatika." Basi tuanzie hapo, tujue walichoma nini.

Ndani ya kizazi kuna utando. Kila mwezi utando huo hunenepa ukimsubiri mtoto, na mtoto asipokuja sehemu ya juu hubanduka na kutoka na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Lakini haubanduki wote. Chini yake, ukiwa umeshikana na nyama ya kizazi, kuna tabaka linalobaki, na hilo ndilo mbegu ya utando wa mwezi ujao. Mwanamke anayevuja damu nyingi mpaka anaishiwa, na dawa hazijamsaidia, na hataki tena kuzaa, anaweza kuchomwa utando huo. Kuna namna nyingi za kuuchoma. Iliyosambaa sana kwa miaka mingi ilikuwa ile ya puto: linaingizwa likiwa limesinyaa kupitia mlango wa kizazi, linajazwa maji, na maji hayo yanapashwa moto. Puto lililozoeleka zaidi lilifika nyuzi joto 87 na likakaa humo dakika 8. Ziko mashine za umeme zinazomaliza kazi kwa dakika moja na nusu au mbili. Zamani, na mpaka leo kwa baadhi ya madaktari, utando ulikwanguliwa au kuchomwa kwa waya au kigurudumu kidogo, daktari akitazama ndani kwa kamera.

Namna yoyote, shabaha ni moja: kuua lile tabaka la chini, ili pasibaki mbegu. Na hapa ndipo palipo na tatizo lote ninalotaka kuwaeleza, kwa hiyo nipeni dakika chache.

Kizazi kina umbo la pembetatu kwa ndani, ncha moja ikiwa chini kwenye mlango na ncha mbili juu, kulia na kushoto, pale mirija inapoingilia. Tunaziita pembe za kizazi. Mnajua mtu akifagia chumba kwa haraka takataka hubaki kwenye pembe. Na moto nao ni hivyo hivyo, hufika vizuri katikati na kupungua nguvu kule pembeni. Tena nyama ya kizazi pale pembeni ni nyembamba, hivyo hakuna daktari mwenye akili atakayelazimisha moto mkali mahali ambapo upande wa pili kuna utumbo. Matokeo yake ni kwamba vipande vya utando hubaki hai, mara nyingi kwenye pembe hizo mbili. Hili si lazima liwe kosa la aliyekuchoma. Liko ndani ya operesheni yenyewe.

Kilichochomwa nacho hakikai bure. Kinapona kwa kovu, na kovu hukaza. Kuta za kizazi zilizokuwa zinaangaliana zinashikana, uwazi wa ndani unapungua miezi kwa miezi, na kwa baadhi ya wanawake karibu unafungika wote. Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Huku juu kwenye pembe kuna kipande cha utando kilicho hai, na ovari bado zinafanya kazi kama kawaida kwa sababu hakuna aliyezigusa. Kila mwezi kipande kile kinanenepa, kinabanduka, kinatoa damu. Huku chini njia imeshafungwa na kovu. Ile damu inakwenda wapi?

Haina pa kwenda. Inakaa pale pale, mahali penye ukubwa wa kunde au zabibu, inasukuma kovu, na kizazi kinajikaza kujaribu kuitoa. Watu wengi hudhani ni damu nyingi. Hedhi nzima ya kawaida ni mililita 30 au 40, na hii iliyonaswa inaweza kuwa kijiko kimoja au nusu yake. Uchungu unatokana na mbano: nyama inayojikaza dhidi ya kitu kisichotoka. Ndiyo maana mama hawa hukwambia uchungu unafanana na wa uzazi, na wanaposema hivyo waaminini, maana wamezaa na wanajua.

Pengine kovu limeziba chini kabisa, kwenye mlango wa kizazi, na damu imejaa katikati. Hiyo ni rahisi kuiona na rahisi zaidi kuitibu, nitaifikia. Ile ya pembeni ndiyo hutusumbua.

Kuna na jambo la mirija. Mtu akichomwa kizazi bado anaweza kushika mimba, na mimba hiyo ni ya hatari kubwa, kwa hivyo wengi wanashauriwa kufunga mirija, au walikuwa wamekwisha kuifunga kwenye uzazi wa mwisho. Damu ya pembeni isipopata njia ya chini hurudi nyuma kuelekea kwenye mrija. Mrija ukiwa umefungwa inasimama pale kwenye kishina kilichobaki karibu na kizazi, na kishina kinavimba kwa damu. Madaktari wa Marekani walilieleza jambo hili mwaka 1993 na kulipa jina refu ambalo halitawasaidia hapa. La kujua ni kwamba mwanamke aliyechomwa kizazi na pia amefungwa mirija yuko karibu zaidi na maumivu haya kuliko ambaye hakufungwa.

Na umri. Hili naomba mlisikie, hasa nyinyi ambao bado hamjachomwa na mnafikiria. Aliyechomwa akiwa na miaka 48 ana miaka michache tu mpaka hedhi ikome yenyewe. Ovari zikilala, kipande kile kilichobaki kinalala nacho. Aliyechomwa akiwa na miaka 36 ana miaka 14 au 15 mbele yake ya kipande hicho kuchezewa na homoni kila mwezi. Uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wanawake zaidi ya 3,600 waliochomwa kizazi, uliona kwamba 21 katika kila 100 waliishia kutolewa kizazi miaka iliyofuata, na walio na miaka 45 kurudi chini walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi. Si wote walitolewa kwa sababu ya damu iliyonaswa. Wengine damu nyingi ilirudi. Lakini mama wa miaka 36 anayeambiwa "dakika 8 tu na umemaliza" ana haki ya kuisikia hesabu hiyo kabla hajapanda kitanda.

Sasa nitawaeleza juu ya mama mmoja. Amenipa ruhusa, na nimebadilisha mambo madogo ili hata jirani yake asimtambue.

Ni mama wa Kisauni, mwenye watoto wanne. Alifungwa mirija alipopasuliwa kwa mtoto wa mwisho. Baadaye hedhi yake ikawa ya mabonge, siku tisa, pedi juu ya pedi, mpaka kiwango chake cha damu kikashuka kufika 7 na akawa hapandi ngazi bila kupumzika. Akachomwa kwa puto akiwa na miaka 37. Mwezi wa pili hakuona damu, wa tatu hakuona. Rangi ikarudi usoni. Ramadhani iliyofuata alifunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja, akawa anawatania wifi zake wenye madeni.

Mwaka wa tatu ukaanza uchungu chini ya kitovu, upande wa kulia, ukishuka mpaka pajani na kupanda nyuma mpaka kiunoni. Siku tatu au nne, kisha unaondoka kama haukuwepo. Kwa kuwa haoni damu, hakufikiria hedhi. Wala wale aliowaendea hawakufikiria. Duka la dawa walimpa dawa ya mkojo. Kliniki moja ikamwambia ni vidonda vya tumbo, nyingine ikampa antibayotiki za wiki mbili kwa maambukizi ya mirija. Mahali pengine walitaka kumkata kidoletumbo, maana uchungu uko kulia, akakataa kwa kuogopa kisu. Nyumbani mama mkwe akasema ni chango, akaletewa mkandaji. Akakandwa siku ya uchungu wenyewe, akazirai. Jirani akasema yale mambo yetu, mnayajua, jini anayekuja kwa mwezi.

Mimi kwa hili la jini simcheki mtu. Yule jirani angalau alikuwa ameona kitu ambacho kliniki nne hazikukiona: kwamba uchungu unakuja kwa mwezi.

Alipigwa altrasaundi mara mbili. Zote mbili majibu yaliandikwa kwamba kizazi ni cha kawaida, kidogo, hakuna kitu. Na majibu yale hayakuwa uongo. Alikuwa anaumwa, anakosa nguvu za kutoka nyumbani, anasubiri apate nafuu, anapanga pesa, kisha anakwenda kupigwa picha siku ya kumi au ya kumi na mbili. Wakati huo mwili umeshainyonya sehemu kubwa ya ile damu kidogo, uvimbe umelala, kuta zimegusana. Anayetazama skrini anaona kovu tu.

Alipokuja kwangu nilimwomba kitu kimoja kabla ya kumpima. Nilimwambia: ile kalenda iliyoko ukutani kwenu, tia alama siku uchungu unapoanza na siku unapoisha, na ukiona hata tone la uchafu wa kahawia kwenye nguo, tia alama nyingine. Alirudi na miezi mitatu. Uchungu ulikuja kila baada ya siku 27, 29, 28. Matone ya kahawia yalikuwepo mara moja. Nikamwuliza kama matiti humuuma kabla ya uchungu kuanza. Akafikiri, akacheka, akasema ndiyo, siku mbili tatu kabla, kama zamani alipokuwa akienda mwezini. Kwa maneno mengine, hedhi yake haikuwa imekatika. Ilikuwa inakuja kwa wakati wake, ila haina pa kutokea.

Tukapanga altrasaundi ya siku ya pili ya uchungu. Alikuja ameshikwa mkono na binti yake. Tulipiga ile ya kuingizwa ukeni, kwa sababu ile ya juu ya tumbo haioni pembe za kizazi vizuri, hasa kwa mtu mwenye mwili. Katikati palikuwa pamefungika kwa kovu. Lakini kwenye pembe ya kulia palikuwa na kijifuko cha karibu sentimita 2, ndani yake maji ya kijivu yenye chembechembe, jinsi damu iliyokaa inavyoonekana kwenye skrini. Maji safi huwa meusi matupu. Haya hayakuwa hivyo. Kando yake kishina cha mrija kilikuwa kimenenepa. Nilipobonyeza taratibu kwa kifaa pale kwenye kijifuko, akanishika mkono akasema, "Hapo, daktari. Hapo hapo."

Picha ya sumaku, ile tunayoiandika MRI, inaonyesha mambo haya vizuri zaidi, na damu iliyokaa hung'aa kwa namna yake. Ni ghali, na nayo ikipigwa siku ambayo si ya uchungu inaweza kukosa. Kwa mama huyu hatukuihitaji. Ningeiagiza kama altrasaundi ya siku ya uchungu ingekuwa haina kitu na kalenda bado inasema vile.

Wauguzi wenzangu, hapa nina neno na nyinyi. Mama anayekuja na uchungu wa namna hii, swali la kwanza liwe "umewahi kuchomwa au kukwanguliwa ndani ya kizazi?" na la pili "uchungu huu huja lini na lini?" Na kabla ya yote apimwe mimba, hata akiapa kwamba amechomwa na amefungwa. Mimba ya nje ya kizazi kwa mwanamke kama huyu inaua, nayo huja na uchungu wa upande mmoja vile vile. Tena si kila uchungu wa mwezi baada ya kuchomwa ni damu iliyonaswa. Kuna utando ulioingia ndani ya nyama ya kizazi, kuna utando unaoota nje ya kizazi, kuna uvimbe wa ovari. Hayo yanaweza kuwepo peke yake au pamoja na hili. Kalenda ikionyesha uchungu usiofuata mwezi, tafuteni kwingine.

Sasa matibabu.

Kama damu imekusanyika katikati na kilichoziba ni mlango wa kizazi tu, tunaufungua mlango kwa vijiti vyembamba vya kupanua, kimoja baada ya kingine, damu inatoka, na mama anapata nafuu siku hiyo hiyo. Rangi yake huwa kama ya chokoleti, nzito. Hii ifanywe na mtu akiongozwa na altrasaundi, mwenzake ameshika kifaa juu ya tumbo, kwa sababu kizazi chenye kovu hakina njia iliyonyooka na kijiti kinaweza kutoboa kikatokeza upande wa pili. Na mama aambiwe wazi kwamba kovu linaweza kujifunga tena. Wako wanaofunguliwa mara moja wakapona, na wako wanaorudi.

Ikiwa damu iko pembeni, kijiti hakifiki. Kuna madaktari wachache wenye ujuzi wa kuingia tena kwa kamera, altrasaundi ikiwaongoza, wakakata kovu mpaka kwenye pembe na kuondoa kile kipande cha utando. Ikifanikiwa, mwanamke anabaki na kizazi chake. Ni kazi ngumu, hatari ya kutoboa ipo, na mimi nasema kweli kwamba siifanyi. Anayeitaka nampeleka kwa anayeiweza.

Njia nyingine ni kuuzima mwezi wenyewe. Ovari zikinyamazishwa, kipande kile hakipati chakula na hakitoi damu. Ile sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu mnayoijua nyote inaweza kufanya hivyo, na vidonge vya homoni vya kumeza kila siku pia. Kuna na sindano kali zaidi zinazozilaza ovari kabisa kama vile umefika ukomo wa hedhi, pamoja na joto lake na jasho lake la usiku. Hizo kali huchochea ovari kidogo wiki mbili za mwanzo kabla ya kuzinyamazisha, kwa hiyo mwezi wa kwanza uchungu unaweza hata kuzidi. Mwambieni mama mapema, la sivyo atadhani dawa imemdhuru na hatarudi.

Mama wa Kisauni alianza na sindano hizi kali, moja kwa mwezi, miezi mitatu. Mwezi wa kwanza aliumia. Wa pili na wa tatu hakuna kitu. Kwangu huo ulikuwa ushahidi mwingine: mwezi umezimwa, uchungu umezimika. Tulipoacha, uchungu ukarudi. Alikuwa na miaka 41. Tukakaa naye na mumewe, tukahesabu pamoja: akisubiri ukomo, ni karibu miaka kumi ya sindano au vidonge. Akachagua kutolewa kizazi.

Mumewe aliuliza kama akitolewa mirija peke yake haitatosha, kwa kuwa mrija ndio uliovimba. Ni swali zuri. Kwa wengine inasaidia. Lakini mrija ukiondolewa na kipande cha utando kikabaki kwenye pembe, damu itaendelea kukusanyika pale, safari hii bila hata ule upenyo mdogo. Kwa hiyo tuliondoa kizazi pamoja na mirija yote miwili, na ovari tukaziacha mahali pake ili asiingie ukomo wa hedhi kwa ghafla. Kizazi kilipofunguliwa mezani, pembe ya kulia ilikuwa na damu ya rangi ya chokoleti, na ya kushoto, ambayo haikuwa imemuuma bado, ilikuwa nayo imeanza. Maabara ikathibitisha utando hai pande zote mbili na hakuna saratani.

Hilo la saratani linanifikisha kwenye maonyo mawili, kisha nitapokea maswali.

Mwanamke wa kawaida akipata saratani ya utando, dalili yake ya kwanza huwa damu isiyo ya wakati wake, na hiyo damu humleta hospitali mapema. Aliyechomwa kizazi anaweza asiione damu hiyo, kwa kuwa njia imefungwa, na kuchukua kipande cha utando kwa kupima kunaweza kushindikana kwa sababu hiyo hiyo. Kuchomwa hakuleti saratani, eleweni vizuri. Lakini aliyechomwa akiona damu baada ya ukomo wa hedhi, hata tone, au uchungu mpya wa tumbo la chini katika umri huo, asiambiwe "wewe si umechomwa, huna utando." Anao. Kwa sababu hiyo hiyo, akifika ukomo na akataka homoni za kutuliza joto la mwili, asipewe estrojeni peke yake. Apewe na projesteroni ya kuutuliza ule utando uliobaki, kama mwanamke yeyote mwenye kizazi.

La pili ni fupi. Uchungu ukija na homa, au uchafu wenye harufu, au ukaja ghafla ukakuangusha, usitie alama kwenye kalenda. Nenda hospitali usiku huo huo.

Dada mmoja aliyekaa upande wa dirishani aliuliza juu ya sala: kama hedhi ipo ndani na haitoki, ana hukumu gani? Nilimwambia swali hilo ni la ustadhi wake, wala sitaligusa. Ninachoweza ni kumweleza ustadhi kinachotokea ndani ya mwili, na nikiitwa nitakwenda kumweleza.

Mama mwingine, mtu mzima, alisema binti yake ana miaka 34, anavuja damu nyingi, na daktari amemshauri achomwe. Afanye nini? Nilimjibu kwamba sijamwona binti, siwezi kumkataza. Lakini kabla ya kukubali aulize mambo manne. Je, ameshajaribu ile kitanzi yenye homoni, ambayo kwa wengi hupunguza damu karibu kama kuchomwa na inaweza kutolewa? Hedhi zake zilikuwa na uchungu mkali tangu zamani? Kama ndiyo, huenda utando umeingia ndani ya nyama, na moto haufiki huko. Amefungwa mirija, au anapanga kufungwa? Na amemaliza kuzaa kwa yakini? Mama alisema binti ana mtoto mmoja tu. Basi, nikamwambia, mazungumzo ya kuchomwa tuyasimamishe hapo kwanza, aje tuongee.

Swali la mwisho lilitoka kwa muuguzi wa zahanati moja upande wa Likoni. Alisema kwao altrasaundi ipo siku mbili tu kwa wiki, na uchungu hauchagui siku. Ni kweli. Nilimwambia wafanye hivi: mama akishakuwa na miezi miwili mitatu kwenye kalenda, mnaweza kukisia wiki ya uchungu ujao, mkamwandikia fomu mapema, akawa nayo mkononi. Uchungu hukaa siku tatu au nne, na siku moja baada ya kuisha bado damu inaweza kuonekana, kwa hiyo mara nyingi moja ya siku zenu mbili itaangukia humo. Isipoangukia, avuke kivuko na ile fomu. Na kwenye fomu msiandike "maumivu ya tumbo" peke yake, kwa sababu anayepiga picha atatazama ovari na kibofu na kumaliza. Andikeni: amechomwa utando wa kizazi mwaka fulani, mirija imefungwa au haikufungwa, leo ni siku ya ngapi ya uchungu, tafadhali angalia pembe zote mbili za kizazi kama kuna damu. Akasema nirudie polepole, anaandika. Nikarudia.